Tanbihi Iliyofutwa

Nilikuwa mfasiri wa kujitegemea hapa Korogwe, na kazi zangu nyingi zilitoka kwa rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja chuoni. Yeye alikuwa meneja wa ushirika wa wakulima wa muhogo wa Handeni na Korogwe. Safari hii aliniletea slaidi za Kiswahili za kikao cha bodi, nizitafsiri kwa Kiingereza. Wajumbe wangepewa nakala za Kiswahili, na Kiingereza kingeoneshwa ukutani kwa ajili ya wafadhili wawili waliotoka nje. Akaniomba nisivuruge mpangilio wowote.

Niliifanya kazi ile kwa upendo. Vichwa vya chati nilivibadilisha ndani ya chati zenyewe ili rangi na vipimo visisogee. Chati moja ilikuwa imebandikwa kama picha, isiyokubali kuandikwa juu yake, nikamwomba faili lake la asili nikaichora upya. Kichwa chake kilisema ni mavuno kwa kila kata, kikafuatiwa na kinyota. Chini, kwa herufi ndogo, tanbihi ilieleza kwamba takwimu za kata ya Mashewa ni makisio, kwa kuwa mashamba ya huko hayajapimwa. Nikaitafsiri, nikairudisha palepale, pamoja na kinyota chake.

Siku ya kikao nilialikwa nikae nyuma, endapo wageni wangehitaji mkalimani. Chati ile ilipotokea ukutani, mama mmoja mjumbe kutoka Mkata, aliyekuwa akifuatilia kwenye karatasi yake, aliuliza mbona kwake kuna maneno chini na ukutani hakuna. Hata kinyota hakikuwepo.

Meneja hakugeuka kunitazama.

"Hilo ni kosa la mfasiri," alisema. "Samahani, tutalirekebisha."

Nikasimama. "Shikamoo, mwenyekiti. Slaidi nilizotuma zilikuwa na tanbihi hiyo. Sikuiondoa mimi."

Mwenyekiti aliitikia marahaba, akamtazama meneja, naye akawa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Basi niliombwa niwasomee wageni tanbihi kwa Kiingereza. Nikaisoma. Mmoja wao akasema wangesubiri mashamba ya Mashewa yapimwe kwanza ndipo watoe fedha.

Kikao kilipoisha, meneja alinifuata nje, karibu na pikipiki yangu.

"Ungenyamaza tu, rafiki yangu. Wangeona makisio wangeahirisha, na ndivyo walivyofanya. Wewe ungepata aibu kidogo, ikaisha."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alijua ningekataa.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kusingiziwa. Alinifahamu vizuri hivyo, na bado akanichagua mimi nibebe lawama.

Sasa slaidi zao zinatafsiriwa na mtu mwingine. Tukikutana sokoni ananiuliza habari za mama yangu, namjibu kwamba hajambo, kisha kila mmoja anageukia nyanya zake.