Radi Iliyopitia Waya wa Paani

Kwetu Newala wingu likianza kunguruma kila nyumba inajua la kufanya. Vioo vinafunikwa kanga, simu zinazimwa, na kila kilicho kwenye soketi kinachomolewa. Mama yangu huchomoa hata taa ya mezani iliyokufa tangu mwaka juzi. Nami siku ile nilizunguka duka langu la kuchapa na kutoa kopi, chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikachomoa kila plagi. Nilipomaliza nilisimama nikijisifu kimoyomoyo. Kumbe waya mwembamba uliotoka kwenye antena ya intaneti ya paani ukashuka ukutani na kuingia nyuma ya ruta inayosambaza intaneti dukani, nilikuwa nimeuacha palepale. Nani aliwahi kuuogopa waya usio na plagi?

Radi ikapiga karibu, nadhani kwenye mkorosho wa jirani. Nilisikia paa linatetemeka na Mama akimtaja Mungu chumba cha pili.

Asubuhi umeme ulikuwepo. Nikachomeka kila kitu, intaneti hakuna. Siku nyingine ningelaani, nikanywa chai, nikaendelea na kopi. Lakini siku hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, binti ya kaka yangu alikuwa anaolewa uani kwetu. Ndoa nyingi kwetu hufuata pesa za korosho, na hii ilisubiri misimu miwili. Baba wa bibi harusi, yaani kaka yangu, yuko Maskati, na mwajiri alimnyima likizo. Tulikubaliana atamwakilisha sheikh, yaani kumpa idhini ya kuozesha, kwa mdomo wake, huku tunamwona usoni. Mama alikuwa ameshatoa hukumu mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu asiposema, hapa hakuna ndoa. Mtakula wali mrudi makwenu."

Na mnara wa simu nao ulikuwa umezimika kwa radi ileile. Antena yangu haiutegemei mnara huo, lakini simu zote zilibaki kuwa tochi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hutengeneza redio na televisheni, na huwa hapungukiwi na maneno. Aliiangalia ruta akasema adapta imekufa. Nikamwonyesha kitaa cha umeme cha ruta kinawaka, nikamuuliza hicho kinakula nini kama si adapta. Basi akasema ruta nzima imekufa, niitupe, niende Masasi kununua nyingine. Kwenda Masasi na kurudi, kwa barabara ile iliyolowa, wageni wangekuwa wameshakula pilau na kuanza kusinzia. Nilikasirika. Nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri zaidi, hata mume wangu anajua, ndiyo maana alijitafutia shughuli huko uani kwenye turubai la wageni.

Niliigeuza ruta. Tundu lililopokea waya wa antena lilinuka kama plastiki iliyosahauliwa jikoni, na ndani vijino vyake viwili vilikuwa vyeusi. Nilichomeka waya, taa ya tundu lile haikuwaka. Huenda waya ndio mbovu, au antena, nikajisemea, nisiisingizie ruta. Nikauchomoa, nikauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya mezani. Intaneti ikaja. Basi antena nzima, waya mzima, kisanduku kinachoipa antena umeme nacho kizima. Ila kompyuta yangu ya mezani haina kamera wala kipaza sauti. Kaka angetuona na kutusikia vipi?

Shemeji akaingiza msumari mwembamba kwenye kitufe cha kurudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, akaubonyeza bila kuniuliza. Taa zikacheza, zikatulia, tundu likabaki kimya. Nilimwambia kitufe kile hufuta mipangilio, hakiunganishi kilichoungua. Akaomba radhi nusu.

Hapo ndipo nilipotulia. Ruta ile ina matundu mengine manne, ya kupelekea kompyuta. Nilijaribu moja moja kwa waya mwingine wa kuunganishia kompyuta, ambao nilikuwa na hakika nao. La kwanza, jirani wa lile lililoungua, halikuwaka kabisa. La pili likawaka likazimika, likawaka likazimika. La tatu na la nne taa zilitulia. Na simu yangu iliiona ruta hewani bila shida. Kumbe radi iliingia kwa mlango wa mbele, ikaharibu sebule, lakini vyumba vya nyuma ikavikosa.

Niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa kompyuta. Nikaiondolea ruta kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, kazi hiyo nikaiachia antena ya paani, ambayo inaiweza. Ruta yangu ikabaki kisambazaji tu: kilichoingia kwa waya ikitoe hewani. Nikaupa mtandao jina na nywila upya. Kisha waya wa antena nikauchomeka tundu la tatu. Shemeji alitaka kunisaidia, akashika upande wa kisanduku unaobeba umeme wa antena, akitaka kuuchomeka kwenye ruta. Nilimpiga kofi mkononi kabla hajaimalizia radi ilichokianza.

Simu ya bibi harusi ikaita Maskati.

Kaka alitokea amevaa kanzu, amekaa kitandani, nyuma yake pasi na shati la kazi. Nilitembea na simu ile hadi uani nikiwa nimeishika kwa mikono miwili. Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu yake haimpeleki mbali siku hizi. Akaisogeza simu karibu na pua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda."

Kisha akampa sheikh. Kaka akasema polepole, neno kwa neno, kwamba anamwakilisha sheikh amwozeshe binti yake kwa kijana huyu, kwa ridhaa yake na ya binti. Picha haikukatika hata mara moja. Binti alikuwa ndani na shangazi wenzangu, akasikia sauti ya baba yake kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, akalia kwa sauti. Sheikh alipomaliza, vigelegele vilipanda mpaka nikahisi hata Kitangari wamesikia. Nami nilipiga kuliko wote. Nilijiona mkubwa, sitaficha, nilijiona mkubwa kuliko radi.

Shemeji aliwaeleza wageni jinsi "tulivyoitengeneza" ruta. Nilimwachia hiyo "tu" ya wingi, kana kwamba tulikuwa wawili.

Lakini sikujidanganya. Siku chache baadaye ruta ilianza kujizima na kujiwasha, ikawa ya moto hata duka likiwa tupu, na tundu la tatu likaanza kupepesa kama la pili. Kifaa kilichopigwa hivyo hufa kipande kwa kipande, na kitakuaga siku ya kazi. Nilishuka Masasi nikanunua mpya, pamoja na kizuia radi cha kufungwa kwenye waya wa antena, na fundi akachimbia chuma cha kuishusha radi ardhini nyuma ya nyumba. Hata hivyo aliniambia kizuizi kizuri kuliko vyote ni mkono wangu: kuchomoa waya wa paani kabla wingu halijafika.

Juzi wingu likanguruma tena. Kabla sijainuka, Mama akaita kutoka chumbani, "Waya wa paani umechomoa?" Nilikuwa nimeshauchomoa, umelala sakafuni. Yeye akafunika vioo. Tukakaa wawili kwenye giza, radi ikapiga, ikapiga tena, ikapiga kelele zake za bure.