Akonti ya savoneri yetu ya Mususa

Moto ulikula savoneri yetu, kiwanda chetu cha sabuni hapa Butembo, asubuhi, mbele ya batumikaji kufika. Mimi njo nilikuwa pale, nasukuma mapipa ya mawese yasishike moto. Mukono wangu wa kuume ulibakia na alama. Paa lilianguka, motere zetu mbili za kukoroga sabuni zikaungua.

Bakosaji nitabataja. Wa kwanza ni mimi. Kesho yake bamama ba kanisa na majirani balikuja na mafagio, sawa tunavyofanyaka kwetu: mutu akipata shida, tunamusafishia kiwanja asiione tena. Tulifagia yote. Muuza vyuma vya zamani akabeba motere. Nikasema wasingya, asante, kwa kila mutu. Kumbe asiransi, kampuni yetu ya bima, inataka kuona majivu.

Wa pili ni ajenti wa asiransi, ku Beni. «Papa, ngoja. Pesa inatokaka mara moya tu, dosie ikishakamilika.» Tukangoja. Baclient bakazoea sabuni ya Uganda. Batumikaji bakarudia mashamba yao ku Kipese.

Kontable wetu wa hesabu, mama mujane mwenye kusoma, njo alifungua kontra, mapatano yetu na asiransi.

«Patron, miaka yote unalipia karatasi hii, hujaifungua hata siku moya?»

Ilikuwa imeandikwa: asiransi ikishakubali hasara, mutu anaweza kuomba akonti, sehemu ya pesa mbele ya hesabu ya mwisho, halafu bataitoa mu ile hesabu. Tukaandika barua, tukaenda Beni.

Ekspere wa asiransi, mwenye kupima hasara, aliyetoka Kinshasa, alikuwa ku bureau yao. Hakutukana mutu.

«Moto wamekubali. Paa na kuta niliviona, naviandika. Lakini motere, niandike nini? Kiwanja chenu kilikuwa safi kama altare.»

Ajenti akacheka. «Papa anataka tumulipe ufagio!»

«Paa bila motere haitoe sabuni,» nilisema.

Tulirudia Butembo, moya kwa moya kwa muuza vyuma. Motere moya ilikuwa imekwisha pita Kasindi, ku mupaka wa Uganda. Ya pili ilikuwa chini ya mabati, na plaki yake ya namba. Alijua ninaitaka, akapandisha bei. Huyo ni wa tatu. Nikanunua motere yangu ya kuungua.

Ekspere alilinganisha namba na fakture ya siku tuliyoinunua mupya, akaandika akonti ya paa na ya motere moya. Banki yenye ilitukopesha na kushikilia mashini zetu kama dhamana ilipaswa kukubali pia. Ilitia sinyature, kwa sharti pesa iende mu matengenezo tu.

Kwa ile akonti tulitengeneza paa na kupata motere moya mupya; leo tunapika nusu ya sabuni tuliyopika zamani. Nusu ya batumikaji hawakurudi, na siwezi kubalaumu. Motere ya kuungua iko mu kona, inangoja hesabu ya mwisho. Siku ya kufungua tena savoneri, bamama balikuja tena na mafagio.

«Mama, ile motere ya kona hapana gusa!» nilipiga kelele.

Baliangaliana. Balizani moto uliniingia mu kichwa.