Bibi Alivyonusa Shamba

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba bibi yangu mzaa mama ana mimba. Juzi dukani Mtanda nilimwona mjamzito akinunua udongo wa kula, nikacheka peke yangu.

Utotoni kule Likawage, wenzangu waliniambia mwanamke akinusa udongo, tumboni mna mtoto. Na bibi alinusa shamba zima! Mbegu ya mahindi ilikuwa imebaki bakuli moja tu. Bondeni alichimba udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, akaunusa, akakunja uso. Alipoubana ukamnata vidoleni. Kwa uso ule nikajua ni kichefuchefu cha mimba. Huyo mtoto akija, mimi nitalala mkeka gani?

Mteremkoni udongo ulikuwa mweusi, ukinukia kama mvua ya kwanza. Aliubana ukawa tonge, akaligusa kwa kidole, likamomonyoka.

“Tupande hapa,” akasema.

“Bibi, utajifungua lini?”

Alicheka, nadhani mpaka kisiwani Songo Mnara wakamsikia.

“Mume wangu wewe! Kule bondeni kunanuka uvundo, maji yametuama, mbegu yetu ingeoza. Sina mimba. Natafuta pa kupanda mahindi.”