Ngendo Ameanguka Darajani

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, katika mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, Mkikuyu akikosa kuitikia jina lake asubuhi hakuna aliyeuliza kama ni mgonjwa. Waliuliza ameingia msitu gani kwa wapiganaji. Nyapara alipeleka jina kwa mzungu, mzungu akapiga simu, na jua halijapanda homgadi, walinzi weusi wa serikali, wako mlangoni kwa mtu wanatoa watoto nje, nyumba ichomwe.

Nakhumicha aliyajua hayo, ingawa yeye alikuwa mtu wa Bungoma na alikaa laini, vyumba vya shamba, pamoja na vibarua wengine. Rafiki yake Ngendo alitoka kijijini, kule kulikozungushiwa handaki. Walikutana kila asubuhi kwenye daraja la miti, wakataniana mpaka shambani.

Siku hiyo Ngendo alianza mapema. "Wewe Mama Bungoma, mbona unatembea kama bata aliyeshiba?"

Nakhumicha alikuwa anatafuta la kumrudishia, akaona kikapu kinabingirika. Ngendo alikuwa chini. Macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Alimwita, akamtikisa, akamwita tena. Kimya.

Syokau, Mkamba waliyechuma naye safu moja, alikuja nyuma yao. Alikaa chini akakipakata kichwa cha Ngendo.

"Kimbia kwa nyapara," akasema. "Sema ana malaria, amelala kwake. Malaria hawaulizi sana."

"Kwake hayuko. Homgadi wakienda wasimpate je? Si wataichoma nyumba ya watoto wake?"

"Basi sema atakuja mchana."

"Nani amekwambia atakuja mchana?"

Kule shambani chuma cha reli kiligongwa kuita watu, na Nakhumicha, na uzito wake wote, akakimbia.

Nyapara Gathogo alikuwa ameanza kuita majina. Alivaa koti la jeshi na uso wa ukali, lakini kila mtu alijua anaogopa; Mkikuyu mwenzake akitoroka, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

"Ngendo!" Akainua macho kwenye safu. "Ngendo!"

"Ameanguka darajani, Nyapara. Leo hawezi kazi."

"Ameanguka! Amelewa?"

"Pombe sikunusa."

"Ana mimba?"

"Mimi nilikuwa kando yake, sikuwa tumboni mwake."

Wanawake wakafinya vicheko. Gathogo akamsogelea mpaka pua zao karibu ziguse.

"Ni ugonjwa gani?"

"Sijui."

"Kesho atakuja?"

"Sijui."

"Ngai! Hujui hiki, hujui kile. Nimwambie mzungu nini mimi?"

"Mwambie hivi. Ngendo alikuwa njiani kuja kazini, akaanguka kwa daraja la miti. Nilimwona kwa macho yangu. Anapumua. Haongei. Mkono wa kulia umelegea. Syokau amebaki naye pale pale. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Gathogo alimrudisha mwanzo, akamrudisha tena, akitafuta mahali atakapojikwaa. Nakhumicha hakuongeza wala hakupunguza. Gathogo alizoea kuletewa wagonjwa wenye magonjwa kumi na wachawi watatu. Habari hii kavu ilimtisha. Alikwenda kuripoti, akavua kofia akiwa bado mbali na nyumba ya mzungu.

Homgadi walitangulia darajani na bunduki. Walimkuta Ngendo pale pale, Syokau amempakata, mkono wa kulia umelegea. Kijijini hakuna aliyetumwa kuchoma nyumba. Likaja lori likambeba kwenda hospitali ya Thika. Nakhumicha aliomba kupanda naye.

"Rudi kwa kahawa," Gathogo akamwambia, ila hakupiga kelele.

Jioni alimwita kando. "Dereva amerudi. Ngendo amekufa."

Nakhumicha hakuwa na ruhusa ya kuingia kijijini. Alisimama ng'ambo ya handaki, homgadi akamruhusu maneno machache tu, na Waceke, binti mkubwa wa Ngendo, akaja na mdogo wake mgongoni. Nyuma yake moshi wa jikoni ulipita katikati ya nyasi za nyumba yao, nzima kama Ngendo alivyoiacha asubuhi. Nakhumicha alimwambia. Hakuzunguka.

Msichana hakulia kwanza. Aliuliza, "Alisema nini?"

Hapo ndipo moyo ulipomkata Nakhumicha. Lilikuwa jambo dogo, kumpa mtoto neno moja la kulala nalo. Hakuna ambaye angemshika uongo. Syokau baadaye alimlaumu siku nyingi, akamwita jiwe.

"Alinitania kwamba natembea kama bata," Nakhumicha akasema. "Kisha akaanguka. Hakusema tena, mwanangu."

"Hata jina langu?"

"Hata lako."

Waceke akamtazama kwa chuki, mtoto mgongoni akavuta nywele zake. Homgadi akasema inatosha. Nakhumicha alibaki pale mpaka lango likafungwa, na kilio kikaanza kule ndani, nyumba moja, kisha nyingine.