Mikate Iliyorudi

Kila Jumatatu, katika kiwanda chetu kidogo cha mikate pale Gatitu, mume wangu aliandika ubaoni hesabu tano za wiki: mikate iliyotoka, iliyorudi bila kuuzwa, unga uliobaki, madeni ya maduka na pesa zilizoko benki. Wiki moja mikate iliyotoka ilikuwa imeongezeka sana, naye akafurahi.

Mimi nilitazama hesabu nyingine. Iliyorudi ilikuwa imeongezeka wiki tatu mfululizo, na pesa za benki zilipungua.

“Mzee, tunaoka mikate ya kurudi,” nilimwambia.

Akapekua daftari la dereva wa gari letu la mikate. “Ni ya maduka ya Timau. Gari linafika watu wakiwa wameshanunua kwingine.”

Tukapunguza ya Timau siku hiyohiyo. Jumatatu iliyofuata niliogopa kuutazama ubao. Ilikuwa imerudi mikate kumi na miwili tu. Nikaketi juu ya gunia la unga, nikapumua.