Kitanda Kilichokubaliwa

Ujinga wangu ulianza kwa kuku. Kiwanda cha chai karibu na Kebirigo, nilikokuwa karani, kilikuwa kimetuingiza kwenye bima ya matibabu mwanzoni mwa mwaka, sisi na wake zetu. Daktari wa hospitali ya misheni alipotaka kumlaza mke wangu amtoe uvimbe titini, kampuni ya bima ilipelekewa maombi, nayo ikajibu kwa telegramu. Nikasoma mstari wa kwanza: kulazwa kumekubaliwa. Basi. Mimi, msomi wa sekondari, mtu ambaye hata kwenda mji wa jirani wa Nyansiongo huniumiza kichwa kwa kuuacha moto wangu wa jikoni, nilirudi nyumbani mbio, nikachinja kuku na kumwita mama jirani aje kushukuru pamoja nasi.

"Na huku chini wameandika nini?" mke wangu aliuliza.

"Mambo ya ofisi. Kula paja."

"Baba watoto, ukinipa paja bila kuombwa najua naumwa kweli." Tukacheka.

Kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa, mwandikishaji aliisoma yote. Kampuni ingelipa kitanda cha wodi ya kawaida, chakula na vipimo. Upasuaji ulikuwa haujakubaliwa. Walingoja daktari aandike ugonjwa ulianza lini. Kama ulikuwepo kabla ya bima, hawataulipia.

Daktari alipokuja wodini kuuliza, mke wangu akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nilimkanyaga mguu. Yeye akanitazama, kisha akamtazama daktari.

"Niliugusa mara ya kwanza nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Sasa anakimbiza kuku."

Daktari akaandika hivyo hivyo.

"Ungesema ulianza mwezi uliopita," nilimnong'oneza daktari alipotoka.

"Na nikifa kwenye kisu chake, nimefia kwenye uongo? Wewe endelea kukanyaga watu."

Jibu la kampuni lilikuja kabla mke wangu hajatoka wodini: kitanda na vipimo vitalipwa, upasuaji hapana. Nikamrudisha nyumbani. Nilianza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wetu mtamba, polepole kama ninavyofanya kila kitu, nikingoja bei ipande, nikiandikia kampuni barua nzuri nzuri ambazo hazikubadilisha chochote. Tuliporudi hospitalini na pesa zetu, daktari alimpapasa kwapani, akasema uvimbe umefika huko, kisu hakitasaidia tena.

Tulimzika nyuma ya migomba, upande anaopenda. Naona nimeandika anaopenda. Basi, ibaki.

Waombolezaji walipokwisha kwenda, nilikuwa nimeketi jikoni, moto wenyewe sikuuwasha. Mama jirani aliingia na ugali wa wimbi, akauweka mbele yangu, akasimama.

"Siku ile ulitulisha kuku kwa sababu ya kitanda," alisema. "Mkeo hakuwa anaugua kwa kukosa kitanda."