Timu ya Watu Kumi na Wawili

Alhamisi, tarehe nne Januari 2024, tuliketi wawili katika ofisi ya shule yetu ndogo ya Kawangware ili kumchagua mpishi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amekuja na aproni yake ya ngozi begani. Mimi nilikuwa karani. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda matangani Siaya. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, na jiko halikuwa na mwenyewe.

Wasifu tano za waombaji nilikuwa nimekwisha kuzisoma. Mume wangu alifariki tarehe 19 Agosti 2009, na Januari iliyofuata nilirudi darasani nikiwa na miaka thelathini na minane, nikaketi na watoto wa kuzaa mwenyewe. Mtu aliyeyapata maandishi akiwa mtu mzima hayasomi kwa kurukaruka. Kila neno alilipata kwa jasho, kwa hiyo hutaka kujua limetoka wapi.

Nilizipanga karatasi mezani, moja kando ya nyingine, na mwenyekiti akaona nilichokiona. Waombaji wanne kati ya watano, waliodai kufanya kazi mahali tofauti, wote walikuwa, kwa Kiingereza kile kile, "wamesimamia timu ya watu kumi na wawili na kuongeza ufanisi kwa asilimia thelathini." Wote walipenda kusoma, kusafiri na kupata marafiki wapya. Jina la mwombaji lilikuwa kwa herufi za umbo moja, na maelezo yote kwa herufi za umbo jingine. Mmoja alikuwa ameacha maneno "andika hapa jina la mwajiri." Mwingine alikuwa na aya nzima ya Kilatini.

"Huyu amesomea kwa mapadri, au nini?" mwenyekiti akauliza.

"La, baba. Hayo ni maneno ya kujazia nafasi tu. Anayetumia karatasi iliyopangwa tayari huyafuta, akaandika yake."

"Kumbe hata kufuta kumemshinda! Na kupika je?"

Wawili miongoni mwa wale wanne walikuwa wametaja mdhamini mwenye nambari ile ile ya simu. Niliipiga. Kijana alipokea na kunihakikishia kwamba mama niliyemtaja alikuwa mchapakazi sana. Nikamwuliza, hapo alipofanya kazi ni wapi? Nyuma yake nilisikia mashine ya kuchapa ikikohoa, na mtu akiuliza bei ya kutoa kopi. Simu ikakatika.

Mwenyekiti alitaka tuwatupe wote wanne. Nilimwomba amwache mmoja, mama wa Laini Saba kule Kibera, ingawa naye alikuwa mmoja wa wale wawili wa ile simu. Katikati ya sentensi zake za kuazima kulikuwa na mstari mmoja ambao wenzake hawakuwa nao, umebanwa kama abiria aliyechelewa: "Kupika githeri, watoto 140, sufuria mbili." Hakuna kiolezo duniani chenye sufuria mbili. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, na mchana huo mama akaja.

Alikuwa amevaa sketi iliyopigwa pasi vizuri. Alisimama wima, akatukariria karatasi yake yote kwa Kiingereza, bila kukosea, mikono nyuma kama mtoto wa darasa la tatu.

"Watu kumi na wawili gani, dada?" mwenyekiti akamwuliza.

"Timu, sir."

"Nitajie wawili tu."

Akaitazama karatasi yake pale mezani.

"Na hiyo asilimia thelathini ni ya nini?"

"Ya ufanisi, sir."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Nikamwuliza mimi habari ya sufuria mbili. Aliangalia mlangoni. "Hiyo, kijana wa saiba mwenye alinichapia alisema niitoe, ati ni ya kishamba. Nikamwomba aiache." Kisha akaanza kukariri upya, tangu mwanzo.

Nilimsindikiza hadi lango. Huko nje, alipodhani mambo yamekwisha, alianza kusema.

"Mama, hiyo shule nilipikia haiko. Ilibomolewa, barabara ikapita hapo. Mwalimu mwenyewe sijui alienda wapi, simu yake imezima. Sasa ningeandika nini? Kijana akaniambia, wacha nikuwekee ile ya wengine, iko na mtu wa kushika simu."

"Jikoni mlikuwa wangapi?"

"Mimi tu. Watoto wa nursery nilikuwa nawapatia wa kwanza, kabla hata kengele. Ukiwachelewesha wanalala na sahani mkononi." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sai nafulia watu nguo Kilimani. Leo uko na kazi, kesho huna. Binti yangu yuko Busia kwa nyanya yake. Nikipata kazi ya mwezi, namrudisha."

Nilirudi ndani na kumwomba mwenyekiti siku chache ili nimtafute mwalimu yule.

"Mama, Jumatatu watoto watakula nini? Watakula ushahidi?"

Hakuwa na kosa. Mwombaji wa tano, mama wa Riruta, aliandika mambo machache, na yote yalisimama. Tulikuwa tumeitafuta wenyewe nambari ya hoteli aliyopikia, bila kutumia ile aliyotuandikia, na mwenye hoteli akatusimulia yale yale. Ijumaa, tarehe tano, mama huyo alipewa barua ya kazi. Niliipiga chapa mimi mwenyewe.

Hata hivyo niliendelea kuuliza, labda kwa sababu sipendi swali likae wazi. Jumanne, tarehe tisa, mama mmoja wa kanisani alinielekeza Riruta, kwenye chumba ambamo mzee mmoja alifundisha watoto wa majirani hesabu. Ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ile. Sikumtajia sufuria wala idadi, kwa maana ukimpa mtu jibu atakurudishia lilo hilo. Nilimwuliza tu jiko lao lilikuwaje.

"Jiko?" Akavua miwani. "Sufuria mbili na mama mmoja. Watoto mia na arobaini, wakati mwingine wakazidi. Nilikuwa nikimgombeza, ati mbona wadogo wanakula kabla ya kengele. Akanijibu, mwalimu, kengele haijui nani amesinzia." Alitikisa kichwa. "Yuko wapi? Nilipoteza simu, nikapoteza watu."

Nilitoka pale na ukweli wote mkononi, na hapakuwa na mlango wa kuupeleka.

Jumamosi iliyofuata, tarehe kumi na tatu, mama wa Laini Saba alikuja ofisini kwa mwito wangu. Nilimweleza kwamba mwalimu wake yu hai na amemkumbuka vyema, na kwamba nafasi ilikuwa imekwenda. Aliuliza kwanza kama mwalimu ni mzima. Kisha akasema, "Si neno, mama. Basi mtoto akae tu huko."

Tuliandika upya wasifu wake, mistari tisa: mahali, miaka, idadi ya watoto, sufuria mbili, wadogo kwanza, sababu ya shule kutokuwapo, na simu mpya ya mwalimu. Aliusoma polepole kwa kidole.

"Hii ni mimi," akasema. Akaugeuza upande wa nyuma, akakuta mweupe. "Lakini ni fupi, mama. Ile ya saiba ilikuwa page mbili. Watu watanipatia kazi na hii?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu ndiyo. Niliwafikiria wenye ofisi wengine, wanaopima karatasi kwa unene, na sikuweza. Akaniuliza kama anaweza kubaki na zote mbili. Nikamwambia ni zake, nikamtolea ile ya zamani kutoka kwenye faili. Alizikunja pamoja, akazitia kifuani, akashika njia ya kurudi Kibera kwa miguu.